Kumi Isiyo na Kwao

Immaculate Namalwa alikuwa na jina la utani pale kiwandani, na kama yalivyo majina ya namna hiyo, yeye peke yake ndiye ambaye hakulijua. Madereva wa malori ya mahindi walimwita Madam Rudisha. Alilisikia kwa mara ya kwanza Ijumaa moja, kibandani kwa Wangare, akila chapati na ndengu, na kabla chapati haijaisha alikuwa amesikia jambo jingine lililomfanya aiache sahanini.

Kiwanda kinasaga unga wa ugali, kiko Nakuru upande wa viwanda, na hakuna gunia linalopita langoni bila kupimwa. Vijana hupanda juu ya lori na bambo, ule mkuki wa chuma wenye tundu, wakachoma magunia huku na kule. Mahindi yanayotoka huchanganywa, husagwa, na unga kidogo hupelekwa maabara kutafutwa aflatoksini, sumu ya kuvu ambayo huioni, huinusi, wala haitoki kwa kupikwa. Mashine inatoa namba. Sheria inataka namba hiyo isizidi kumi. Asubuhi dirisha la maabara lilikuwa la Namalwa, na kuanzia saa nane mchana lilikuwa la mwenzake, Dalmas. Kazi ya wote wawili ilikuwa moja, mashine moja, na tangazo lililobandikwa ukutani lilikuwa moja.

Basi pale kibandani alikuwa ameketi dereva aitwaye Jonah, mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha, ambaye lori lake Namalwa alikuwa amelirudisha asubuhi ileile. Kumi. Namalwa alishangaa kumwona bado yupo, tena ametulia, anakunywa chai kama mtu aliyeko likizoni.

“Jonah, bado uko hapa? Si nilikwambia mzigo umekataliwa?”

“Ulikataa, ndio.” Jonah akacheka. “Sasa nangoja saa nane.”

“Saa nane kuna nini?”

Wangare, mwenye kibanda, aligeukia sufuria yake haraka. Jonah alimtazama Namalwa, akamtazama tena, kisha uso wake ukabadilika.

“Kwani madam hujui? Mi nilidhani mnajua. Hii ni kitu ya kila mtu, hata turnboy wa lori anajua. Ukipata kumi kwa Madam Rudisha, pole, kwa wewe, unaenda unapaki pale petroli. Dalmas akiingia unarudi kwa laini. Kumi ya Dalmas inapita.”

“Inapita aje?”

“Inapita tu! Kumi na moja hapana, hata Dalmas hakubali. Lakini kumi, ah, hiyo ni ya kungoja. Sisi tunaiita kumi ya mchana.”

Wanaume wengine wawili kwenye benchi walicheka. Namalwa hakucheka. Miaka mitatu alikuwa amekaa kwenye lile dirisha. Miaka mitatu akijiona ndiye mlango, kumbe watu walikuwa wakizunguka nyuma na kuingilia dirisha lilelile, saa chache baadaye, bila hata kujificha.

Aliacha chapati. Wangare alimwita achukue chenji, hakusikia.

Kwanza alikasirika, na hasira yake yote ilimwendea Dalmas. Aliwaza hongo, maana katika nchi hii kitu kikikushinda kuelewa unaanzia hapo. Alimngoja mlangoni mwa maabara amekunja mikono. Dalmas alipofika, na koti jeupe begani, akipiga mluzi, alikutana na swali kabla ya salamu.

“Dalmas, wewe kumi unaipitisha?”

“Niaje na wewe pia, dada yangu.” Akaacha kupiga mluzi. “Kumi? Ndio. Si limit ni kumi?”

“Unapitisha kumi!”

“Na wewe unafanya nini nayo?”

“Ninarudisha!”

Namalwa alikuwa amejiandaa kuona mtu aliyeshikwa. Aliona mtu aliyepigwa na butwaa kama yeye. Hapo hasira ikaanza kupoteza njia.

“Unarudisha kwa nini?” Dalmas aliuliza polepole. “Imezidi nini?”

Namalwa alimwonyesha ukutani. Lile tangazo lilikuwa pale tangu maabara ifunguliwe, limefunikwa kwa plastiki, limeanza kuwa la manjano pembeni. CHINI YA 10: POKEA. ZAIDI YA 10: KATAA.

“Soma,” alisema. “Chini ya kumi, pokea. Kumi iko chini ya kumi?”

“Haiko. Na wewe soma mstari wa pili. Zaidi ya kumi, kataa. Kumi imezidi kumi?”

Walisimama pale wakilitazama tangazo kama watu wanaotazama mlango wa nyumba yao na kugundua hauna bawaba. Kumi yenyewe haikuwepo. Ilikuwa imeachwa njiani, kati ya mstari wa kwanza na wa pili, bila kwao. Kila mmoja aliiokota akaipeleka alikodhani ni sawa: Namalwa, aliyefundishwa kuogopa, aliipeleka kwenye kukataa; Dalmas, aliyefundishwa kutomnyima mtu haki yake, aliipeleka kwenye kupokea. Wala hawakuwahi kuulizana, kwa sababu kila mmoja aliona jambo liko wazi. Hilo ndilo lililomuuma Namalwa zaidi. Angekuwa na shaka hata kidogo, angeuliza.

Walimwita Bethwel, msimamizi wa ubora, aliyeandika tangazo lile kwa mkono wake. Bethwel ni mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kusafisha miwani akiwa hana jibu. Alilisoma tangazo lake mwenyewe, akavua miwani.

“Lakini sheria inasema isizidi kumi,” alisema. “Kwa hivyo kumi kamili inaingia. Hiyo niliona iko obvious.”

“Iko obvious kwa nani, boss?” Dalmas akauliza.

Bethwel alianza kusafisha miwani.

Kwa hiyo Dalmas ndiye aliyekuwa sawa. Namalwa alilimeza hilo. Alianza kuhesabu moyoni malori aliyoyarudisha kwa kumi, akaacha, kwa sababu lilimjia lori moja likayafunika mengine yote.

Lilikuwa la Jumanne. Lori la kukodi kutoka Subukia, lenye mahindi ya kikundi cha akina mama. Mwenyekiti wao, Mama Jepkorir, alikuja nalo yeye mwenyewe, ameketi mbele na dereva, amefunga kitambaa kipya kichwani kana kwamba anaenda harusini. Walikuwa wameweka mazao ya nyumba zote pamoja, wakayaanika pamoja, wakayatunza katika ghala moja, na ilikuwa mara yao ya kwanza kukiletea kiwanda moja kwa moja badala ya kuuzia madalali. Namba ilitoka kumi. Namalwa alitoka nje kuwaeleza, jambo ambalo halikuwa lazima, lakini alimpenda yule mama na alitaka aelewe. Alieleza vizuri mno. Alieleza kuhusu ini, kuhusu watoto wanaodumaa. Mama Jepkorir alipouliza kama basi wanaweza kuwapa ng'ombe, Namalwa akamwambia hapana mama, hata ng'ombe msimpe, inapita kwenye maziwa.

“Asante, daktari,” Mama Jepkorir alikuwa amesema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Umetuokoa.”

Sasa, mbele ya tangazo, Namalwa alihisi ile mikono tena. “Mahindi ya Subukia,” alisema. “Yalikuwa mazima. Boss, niliwaambia yana sumu.”

“Tulia kwanza,” Bethwel alisema. “Tuone hiyo kumi ilikuwa kumi ya aina gani.”

Wote wawili hawakumwelewa. Bethwel aliinama kwenye mashine, akaanza kubonyeza mahali ambapo wao hawakuwa na ruhusa ya kubonyeza. Alikuwa anakumbuka, alisema, kwamba siku ya kuifunga, fundi aliuliza kama wanataka namba nzima au yenye nukta, na mtu fulani akasema namba nzima inasomeka kwa urahisi. Hakusema mtu huyo ni nani. Namalwa aliona jinsi alivyokwepa macho yao, akajua ni yeye.

Skrini ikabadilika. Zile kumi zote za miezi iliyopita, zilizokuwa zimejipanga kama mapacha, zikavuliwa nguo moja baada ya nyingine. Tisa nukta tano. Kumi nukta nne. Tisa nukta nane. Kumi nukta mbili. Kumi nukta tatu. Kumi kamili ilikuwa moja moja tu.

Dalmas alisogea karibu, akaweka kidole kwenye ile kumi nukta nne. Ilikuwa ya saa tisa mchana.

“Hii ni yangu,” alisema.

“Dalmas.”

“Hii niliipitisha. Hii imezidi. Na hii. Na hii pia. Mi nakula huu unga, Imma. Watoto wangu wanakula huu unga.”

Alikaa chini kwenye kiti, koti likamtoka begani likaanguka, asiliokote. Kwa hiyo hata yeye hakuwa sawa. Mmoja alikuwa akirudisha mahindi mazima, mwingine akipokea yaliyozidi, na wote wawili walikuwa wanasoma namba ambayo mashine ilikuwa tayari imeikata kwa shoka kabla ya kuwaonyesha. Bethwel alipiga simu ghalani, unga wote uliosagwa wiki hiyo usitoke hata pakiti moja, kila fungu lipimwe upya, safari hii kwa nukta.

Namalwa alikuwa anatafuta Jumanne. Aliipata. Tisa nukta saba.

Alifungua kabati la sampuli za akiba, maana kila lori linaloingia huachiwa pakiti yake ndogo, iliyofungwa na kuandikwa, kwa ajili ya siku ya ubishi. Alitoa ya Subukia, akapima sehemu ya pili ya unga uleule, akisimama juu ya mashine muda wote, akiiombea namba ipande. Ndiyo, aliomba ipande. Ingetoka kumi na moja angelala usingizi. Ilitoka tisa nukta sita.

Alimpigia Mama Jepkorir. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena, imezimwa. Akatoka mbio mpaka langoni, ambako lori la Jonah lilikuwa limeshapanga foleni.

“Jonah! Lori la akina mama wa Subukia, la Jumanne. Lilirudi mchana?”

“Wale?” Jonah alitoa kichwa dirishani. “Hawakurudi. Na mi niliwaambia, madam. Nilimwambia yule mathe, ngoja saa nane, huyo wa mchana ni mzuri. Akanikalia ngumu.”

“Alisema nini?”

Jonah alikuna kidevu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuonekana kuwa na mzaha. “Alisema, daktari ameniambia iko na sumu. Kama iko na sumu asubuhi, mchana itakuwa imeenda wapi? Akapanda lori wakaenda.”

Namalwa alirudi ndani. Wajanja wote walikuwa wameegesha kwenye kituo cha petroli, wakanywa chai, wakapita. Aliyeumia ni yule mmoja aliyemwamini.

Bethwel alisema watachukua pikapu ya kiwanda waende Subukia sasa hivi. Lakini Namalwa hakutoka mlangoni. Alikuwa analitazama tangazo.

“Kuna malori kumi na ngapi hapo nje,” alisema. “Na la Jonah ndilo la kwanza, na asubuhi lilikuwa kumi. Tukiondoka, Dalmas atalipima kwa sheria gani?”

Bethwel alivuta karatasi. Waliandika wote watatu, wamesimama, wakigombana kila neno, kwa sababu sasa kila neno lilikuwa limeonyesha meno yake. Bethwel alianza na “10 na chini: pokea”, Dalmas akasema hiyo haitoshi, weka nukta, andika kumi nukta sufuri, ili mtu ajue tunasoma mpaka wapi. Namalwa akasema iandikwe kwamba kumi kamili inapokelewa, kwa maneno, peke yake, hata kama mstari wa juu umeshasema, kwa sababu wao watatu walisoma mistari miwili kwa miaka mitatu na kila mmoja akaona kitu chake. Wakaandika kwamba namba haifanywi nzima kabla ya kulinganishwa. Inalinganishwa jinsi ilivyotoka. Wakaandika kwamba chochote kitakachotoka kati ya tisa na kumi na moja kitapimwa mara ya pili kwa sehemu nyingine ya unga uleule, na wastani ndio utakaoamua.

“Na wastani ukitoka kumi nukta sufuri tano?” Dalmas aliuliza.

Bethwel alitaka kusema huo ni kama kumi tu. Alijishika mwenyewe. Wote watatu walitazamana, na Namalwa akaona jinsi ilivyokuwa rahisi kuanza upya kosa lilelile, palepale, wino haujakauka.

“Imezidi,” Bethwel alisema. “Kataa. Iandike kama mfano.”

Wakaiandika. Tisa nukta tisa na kumi nukta mbili, wastani kumi nukta sufuri tano, kataa. Kumi nukta sufuri mara zote mbili, pokea. Wakaweka sababu: kwamba sheria inasema isizidi. Wakaweka tarehe inapoanzia, wakatia sahihi, na Bethwel akataka kulichana lile la zamani. Namalwa alimzuia. Lifutwe kwa mstari mmoja, alisema, liandikwe lilikoma lini, litunzwe, ili mtu akiuliza kesho mahindi yake yalikataliwa kwa nini, ajibiwe.

Dalmas aliliita lori la Jonah. Namba ya kwanza ilitoka kumi nukta tatu. Ya pili, kumi nukta nne. Jonah alisikika akipiga kelele mpaka kwenye pikapu, akiuliza Dalmas amelogwa na nani.

Walipita mji wa Bahati wakielekea Subukia. Bethwel aliendesha, Namalwa aliendelea kupiga ile simu iliyozimwa. Alikuwa ameshapanga maneno. Angesema samahani, angesema leteni mahindi yenu, kiwanda chenyewe kitatuma lori lake. Alikuwa anayajua maneno yake yote kufikia pale barabara inapoanza kuteremka kuingia bondeni, na hapo ndipo alipoona moshi.

Alijiambia ni mtu anachoma mabua. Msimu wa kuchoma mabua haukuwa umefika, lakini alijiambia.

Kituo cha mazao cha kikundi kilikuwa uwanja mpana wenye ghala la mabati. Nyuma ya ghala palikuwa na shimo, na shimo ndilo lililokuwa linatoa moshi, moshi mzito wenye harufu ya mahindi ya kuchoma, harufu ileile ya kando ya barabara inayomfanya mtu ameze mate. Namalwa aliteremka kabla pikapu haijasimama vizuri. Ndani ya shimo palikuwa na majivu, na katikati ya majivu lundo jeusi lililokuwa bado linawaka chini kwa chini. Akina mama walisimama kulizunguka wakiwa na majembe. Walikuwa wakilichoma tangu jana, alikuja kuambiwa, kwa sababu mahindi hayashiki moto upesi, na hawakutaka kuyazika mazima kuku wakafukua.

Mama Jepkorir alimwona, akaja akikimbia kidogo, akitabasamu, uso umejaa masizi.

“Daktari! Umekuja kuona kama tumefanya vizuri?” Akamshika kwa mikono miwili. “Tulifanya vile ulisema. Hata ng'ombe hatukumpa. Simu yangu iliisha moto, hatujalala huku, ni kuchoma tu.”

Namalwa alikuwa ameona kitu kingine. Kando ya ghala yalipangwa magunia mengine, yaliyofungwa kwa kamba za kila aina, mengine nusu, mengine robo, na akina mama wengine walikuwa bado wanakuja nayo njiani, mengine mgongoni, mengine kwenye baiskeli.

“Na hayo?”

“Hayo ni ya nyumbani. Ya kula.” Mama Jepkorir alisema kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. “Si yalitoka shamba moja na yale? Tuliyaanika turubai moja. Nikawaambia, hatuwezi kukataa kulisha watu wa Nakuru sumu halafu turudi tulishe watoto wetu. Tukimaliza hili shimo tunaanza hayo.”

Bethwel alivua miwani, na safari hii hakuisafisha. Aliishika tu.

“Msichome,” Namalwa alisema.

“Nini?”

“Msichome, mama. Msichome hata moja.” Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, majembe yakasimama. Yale maneno aliyoyapanga barabarani yote yalikuwa yamemkimbia. “Yale mahindi hayakuwa na shida. Nilikosea. Mashine ilitoa kumi, na mimi nikaihesabu kumi kuwa mbaya. Kumi si mbaya. Na hata haikuwa kumi.”

Mwanamke mmoja aliketi chini palepale alipokuwa. Mwingine alianza kucheka, kicheko kisicho na furaha, akajiziba mdomo kwa leso. Mama Jepkorir alikuwa bado amemshika Namalwa mikono, na Namalwa alihisi vidole vyake vikilegea kimoja kimoja, mpaka vikaachia.

“Ilikuwa ngapi?” Mama Jepkorir aliuliza.

“Tisa nukta saba. Nilipima tena leo, tisa nukta sita.”

“Na mwisho ni kumi.”

“Mwisho ni kumi.”

Mama Jepkorir aligeuka akatazama shimo. Bethwel alianza kusema kuhusu fidia, kuhusu kiwanda kuchukua jukumu, kuhusu barua, na yote aliyosema yalikuwa ya kweli na baadaye yalitimizwa, lakini pale uwanjani hakuna aliyemsikiliza. Namalwa alilia waziwazi, mbele ya watu, bila kujifuta, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alifikiri wangempiga. Alifikiri ingekuwa heri wampige.

“Yule dereva aliniambia ningoje saa nane,” Mama Jepkorir alisema, bado mgongo wake ukiwa upande wao. “Mimi nikamwona ni mwizi.”

Kisha akaenda kwenye yale magunia ya nyumbani. Alichukua moja, akalifungua kamba, akatia mkono ndani, akatoa mahindi kiganjani. Alirudi nayo mpaka mbele ya Namalwa.

“Haya je? Yako salama?”

Namalwa alitamani kusema ndiyo. Kila kitu ndani yake kilitaka kusema ndiyo, yarudisheni nyumbani, pikeni. “Sijui, mama. Haya hayajapimwa. Yamekaa kwenye nyumba tofauti.”

“Basi utayapima.”

“Nitayapima. Leo. Nitachukua kutoka kila gunia.”

“Ngoja.” Mama Jepkorir aliinua kidole chenye masizi. Hakuwa amepaza sauti, lakini akina mama wote walisogea, na wale wa njiani wakatua mizigo yao. “Kabla hujashika hata punje. Tuambie kwanza, sisi wote tusikie. Ikitoka kumi, tunachoma ama tunakula?”

Namalwa alifuta uso kwa mkono wa koti. “Kumi kamili, mnakula. Ikizidi kumi hata kidogo, hata nukta moja, hamli.”

“Kumi tunakula.”

“Mnakula.”

“Na kesho ukiamka vibaya? Na akiwa yule mwingine wa mchana?”

“Mnakula,” Namalwa alisema. “Tumeandika.”

“Huko kwenu,” Mama Jepkorir alisema. “Andika na hapa.”

Alimpa kipande cha mkaa kutoka pembeni mwa shimo, kikiwa bado na joto. Namalwa alikwenda kwenye ukuta wa ghala, kwenye mabati mapya ambayo akina mama walikuwa wameyanunua kwa ajili ya mazao ya mwaka huu, akaandika sheria ile kwa herufi kubwa, na Mama Jepkorir alisimama nyuma yake akisoma kila neno kwa sauti mpaka likaisha. Ndipo akamruhusu kuchukua bambo kutoka kwenye pikapu.